Naaga, ila kwanza habari ya funguo

Kutoka: Msimamizi

Ndugu zangu,

Mwisho wa mwezi naachia usimamizi wa orodha hii yetu ya barua pepe. Sijagombana na mtu, nimechoka tu kuamka usiku kupitisha barua. Salamu nitazitoa siku yenyewe.

Wengi wenu hamkuwepo nilipoipokea. Aliyenitangulia alinipa neno lake la siri, kisha akahama nchi na kuiacha ile laini ya simu. Mtambo uliponiona kwenye kompyuta ngeni ukadai namba ya uthibitisho, namba ikatumwa kwenye laini iliyokwisha kufa. Wiki tatu barua za wanachama wapya zilikwama, ikiwemo ya mtu aliyekuwa anatafuta chumba. Alipopata majibu alishalala kwa watu siku nyingi.

Kwa hiyo safari hii neno langu la siri simpi mtu. Nimeongeza wamiliki wawili, kila mmoja kwa akaunti yake na simu yake. Jumapili nitatuma barua hapa kutoka anwani isiyo ya mwanachama, wao ndio waipitishe. Kisha mmoja wao aniondoe mimi umiliki. Akishindwa, ujue amepewa kazi ya kupitisha barua tu, na mimi bado sijakabidhi kitu.

Kutoka: Kaka Mkubwa

Mbona unazunguka? Wape watatu tunaowaamini neno la siri, aliye macho apitishe barua. Chama chetu cha kuzikana tunafanya hivyo na hakijaharibika kitu.

Kutoka: Fundi

Kaka, uaminifu sawa, lakini namba ya uthibitisho itaendelea kwenda kwenye simu ya mmoja. Na barua ikifutwa, utajuaje nani kafuta?

Mimi nahofia barua za zamani. Watu waliandika mambo ya vibali na ndoa zao wakati tuko wachache tunaojuana. Anayejiunga leo anazisoma zote.

Kutoka: Dada Mgeni

Shikamoo msimamizi. Naandika kwa anwani ya mume wangu. Umenitoa? Tangu nibadilishe anwani sipati kitu.

Kutoka: Msimamizi

Marahaba dada. Sikukutoa. Anwani yako ya zamani ilirudisha barua mara nyingi, mtambo ukaisimamisha wenyewe. Nitumie mpya leo nikuandikishe.

Fundi, hilo limeninyima usingizi. Nikifuta hapa, nakala zilizokwisha kuingia kwenye masanduku ya watu hazifutiki. Tena barua hizo hizo ndizo zenye maelezo ya kufungua akaunti ya benki yanayoulizwa kila wiki. Mwenye yake asiyotaka ibaki aniandikie pembeni kabla ya Jumapili, nitaiondoa. Zilizobaki mtaamua na wamiliki wapya.

Kutoka: Kaka Mkubwa

Haya, neno la siri nimekubali. Ila wamiliki wawili hawatoshi. Mmoja akisafiri na mwingine akiugua je?

Kutoka: Msimamizi

Hapo umenipata. Unajitolea?