Wamefunga anwani ya IP: tovuti yangu imezimika, waliyoikusudia inafunguka

MtaaWaKongo

Wakuu, salaam. Nina hasira, lakini nitaeleza kwa utaratibu ili atakayenijibu ajibu hoja.

Ninasimamia mfumo mdogo wa oda wa duka la vitenge la jumla hapa Kariakoo. Tangu Jumatatu ya wiki iliyopita, wateja wanaotumia faiba ya mtoa huduma mmoja (simtaji, na sisi wenyewe dukani tumefungiwa hiyo hiyo) wamekuwa wakilalamika kwamba tovuti mara inafunguka papo hapo, mara kivinjari kinazunguka hadi mtu anakata tamaa. Kwa bando la simu la kampuni nyingine, inafunguka kila mara. Nikapekua seva yangu usiku kucha nikitafuta kosa ambalo halikuwepo.

Siku ya tatu ndipo nilipoacha kuishuku seva na kuutazama mlango. Tovuti yangu iko nyuma ya mtandao wa kusambaza maudhui, yaani mteja haji moja kwa moja kwenye seva yangu, bali anapokelewa kwanza na mashine za mtandao huo. Jina langu lina anwani mbili, na anwani hizo si zangu peke yangu: zinatumiwa na tovuti nyingi nisizozijua. Nikaijaribu kila anwani peke yake, nikiwa dukani kwenye faiba ile ile (jina na anwani nimebadilisha nikaweka za mfano):

```
curl -sSI --connect-timeout 8 --resolve oda.example:443:192.0.2.10 https://oda.example/
curl -sSI --connect-timeout 8 --resolve oda.example:443:192.0.2.77 https://oda.example/
```

Ya kwanza ilikaa kimya sekunde nane, kisha ikaleta `curl: (28)`. Ya pili ilijibu `HTTP/2 200` kabla sijaondoa kidole kwenye kibodi. Jina ni lile lile na seva ni ile ile, ila mlango mmoja umezibwa. Ndiyo maana wateja waliona mara hivi mara vile: kivinjari kikianza na anwani ya .77, mambo ni shwari. Kikianza na ya .10, pakiti zinatupwa kimya kimya bila hata jibu la kukataliwa, nacho kinasubiri.

Nikapiga simu huduma kwa wateja. Kijana aliyepokea, kwa uungwana wake, akaniambia kwamba waliagizwa kufunga tovuti moja ya kubeti isiyo na kibali, na kwamba "imefungwa kwa IP". Akanitajia jina lake. Nikalitafuta jina hilo hapo hapo: lilikuwa limeshahamia anwani nyingine mbili, na tovuti ya kubeti ikafunguka kwa kasi nzuri kabisa kwenye faiba ile ile inayonizuia mimi. Halafu nikajiuliza, je, isingehama? Nikalipeleka jina lao kwenye anwani ya .77, ambayo hawajawahi kupewa. Ikajibu 200 pia.

Kwa hiyo wamefunga lango la ghorofa zima la Kariakoo kwa ajili ya fremu moja, na mwenye fremu anapita mlango wa nyuma. Tiketi yangu imefungwa kwa maneno "huduma iko sawa upande wetu". Nani aliyekaa akafikiri kwamba hili ni zuio?

NahodhaKigamboni

Pole sana, ndugu. Hilo ni tatizo la DNS. Waambie wateja wako waweke 8.8.8.8 kwenye simu na kompyuta zao, litaisha. Mimi niliteseka hivyo mwaka jana na nikapona kwa njia hiyo.

MzeeWaya

Ndugu Nahodha, dawa yako ni ya ugonjwa mwingine. Mtoa huduma akizuia kwa kudanganya jina, kubadilisha DNS kunasaidia kweli. Hapa jina linatoa anwani sahihi, na kinachokufa ni safari ya kuifikia anwani. Hata ukiuliza DNS ya mwezini, utaelekezwa mlango ule ule uliozibwa.

Mkuu MtaaWaKongo, jaribio lako la mwisho ndilo lenye uzito. Katika mitandao ya aina hii, anwani haisemi unakwenda wapi. Inakufikisha kwa mpokeaji tu, na mpokeaji anachagua tovuti kwa kusoma jina ambalo kivinjari chako kinalitaja katika ujumbe wa kwanza wa HTTPS. Mara nyingi mashine ile ile iko tayari kupokea jina la mteja yeyote kwenye anwani zake nyingi, ndiyo maana .77 ilikujibu. Na anayetoa amri ya kufunga hana orodha ya waliomo: ukiiuliza anwani ni ya nani, unapata jina la mwenye mtandao, si la wapangaji wake.

Wala hatukuanza sisi. Austria, Agosti 2022, watoa huduma walifunga anwani 11 za Cloudflare kwa amri ya mahakama kuhusu hakimiliki, na maelfu ya tovuti zisizohusika zikapotea nazo. Urusi, Aprili 2018, walifunga mamilioni ya anwani za Amazon na Google wakiifukuza Telegram. Telegram iliendelea kufanya kazi, na Juni 2020 zuio likaondolewa.

BintiTandika

Samahani kaka zangu, na mimi bando langu la GB 10 liliisha kwa siku mbili, nadhani ni watu hao hao. Pia tovuti ya chuo haifunguki kwenye faiba ya nyumbani, lakini kwenye simu inafunguka. Nimejaribu hiyo amri ya curl kwa jina la chuo: haikukaa kimya, ilikatika mara moja na kusema `Connection reset by peer`.

MzeeWaya

Dada, la bando lifungulie uzi wake. La chuo linavutia. Kimya cha sekunde nane ni dalili ya anwani iliyozibwa. Kuunganishwa kisha kukatwa pale tu jina linapotajwa kunanifanya nihisi kuna kifaa kinachosoma majina, ingawa seva mbovu nayo inaweza kukata hivyo. Ongeza `-v` uone kama neno `Connected` linatokea kabla ya kukatwa.

MtaaWaKongo

Basi wafunge kwa jina, Mzee! Angalau waache wasiohusika.

MzeeWaya

Kwa jina ni afadhali, nakubali, na gharama yake ni vifaa vya kusoma kila muunganisho. Ila vivinjari vipya vimeanza kuusimba hata ujumbe ule wa kwanza pale mtandao wa maudhui unapouwezesha, kwa hiyo jina halisi halionekani njiani. Hapo msimamizi anabaki na anwani tu mkononi, na anwani ndiyo hiyo iliyokuumiza. Kwa maoni yangu, aliyepaswa kuandikiwa tangu mwanzo ni mwenye mtandao wa maudhui, maana yeye peke yake anaweza kumtoa mpangaji mmoja.

NahodhaKigamboni

Yeye yuko ng'ambo, Mzee. Amri ya huku ataitii kwa lipi?

MtaaWaKongo

Hilo mtabishana. Mimi nimefungua tiketi ya pili, nikaambatanisha matokeo ya anwani zote mbili na saa ya kila jaribio. Aliye Mbezi au Temeke na faiba hiyo aniandikie faragha, nimpe anwani halisi ajaribu.

BintiTandika

Nimeongeza `-v`. `Connected` inatokea kwanza, ndipo inakatwa. Ya chuo inaishia .203, si .10 yako, kaka. Sasa mimi nimwandikie nani?