Excel inaganda ikifunguka tu, hata bila faili. Mishahara inatakiwa benki Ijumaa

MamaVocha
Habari za kazi wakuu. Niko uhasibu kwenye kampuni ya usafirishaji hapa Mwanza. Tangu Jumanne asubuhi nikibonyeza Excel inakuja ile picha ya kijani, halafu dirisha jeupe, halafu juu panaandikwa `Not Responding` na kishale kinazunguka tu. Leo nimeiacha dakika kumi na mbili kwa saa ya ukutani, haikusogea. Word inafunguka vizuri. Kompyuta nimeizima na kuiwasha mara tatu. Ni Windows 10, Excel ya Microsoft 365. Nina mishahara ya watu 64 ya kupeleka benki Ijumaa na nimeanza kukosa usingizi. Naombeni msaada.

Kijana_wa_Kariakoo
Pole dada. Hiyo Office imeharibika. Ingia Control Panel, Programs and Features, bonyeza Microsoft 365, kisha Change, uchague Quick Repair. Dakika chache umemaliza.

MamaVocha
Asante mdogo wangu, nimefanya sasa hivi. Imesema imemaliza kutengeneza, lakini Excel ni ile ile.

FundiPole
Dada, kutengeneza Office kunarudisha mafaili ya Office yenyewe. Vitu vilivyopachikwa na watu wengine ndani ya Excel haviguswi. Kwa kuwa Word ni nzima na Excel inaganda hata ikiwa tupu, mimi nashuku nyongeza, zile zinazoitwa Add-ins. Hizo hupakiwa kabla hujaona hata kisanduku kimoja cha jedwali.

Kwanza bonyeza Ctrl+Shift+Esc, utafute kila `EXCEL.EXE` iliyobaki nyuma, uziue zote. Usiruke hatua hii. Excel iliyoganda jana inaweza kuwa bado hai kimyakimya, na majaribio yako yote yatakudanganya. Kisha bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, uandike:

```
excel /safe
```

Au shikilia Ctrl huku unabonyeza alama ya Excel, usiiachie mpaka ikuulize kama unataka kuifungua kwa Safe Mode. Kwa njia hii Excel huamka bila kupakia nyongeza. Ikifunguka, tumepata pa kuanzia. Tuambie.

MzeeWaPrinta
Hiyo Safe Mode nimeshaihangaikia mwezi uliopita. Niliwasha kompyuta, picha zikawa kubwa, mtandao ukapotea na printa haikuonekana kabisa. Sikuona faida yake.

FundiPole
Shikamoo mzee. Hiyo ni ya Windows nzima. Ninayosema mimi ni ya Excel peke yake, kompyuta inabaki kama ilivyo na printa yako haiguswi.

MamaVocha
Imefunguka! Sekunde tatu hazikufika. Juu kabisa pameandikwa `Safe Mode`. Sasa si niendelee na mishahara hivi hivi?

Kijana_wa_Kariakoo
Endelea tu dada, ikifunguka imepona.

FundiPole
Haijapona, imefunguliwa bila mzigo. Kama umebanwa, fungua faili la mishahara ufanye kazi, lakini hakikisha kwanza kwamba halitegemei nyongeza yoyote kuvuta takwimu, maana hazitavutwa. Mimi ningetafuta mkosaji leo hii.

Ukiwa hapo hapo, nenda File, Options, Add-ins. Chini kabisa penye Manage chagua COM Add-ins, bonyeza Go. Andika pembeni kwenye karatasi zilizo na tiki, kisha toa tiki zote, bonyeza OK, funga, ufungue Excel kwa kawaida.

MamaVocha
Zilikuwa tano. Nne zimekubali. Ya tano, ya mfumo wetu wa hesabu, nikitoa tiki inaniletea maneno haya:

```
The connected state of Office Add-ins registered in HKEY_LOCAL_MACHINE cannot be changed.
```

Nimefunga nikafungua kwa kawaida, imeganda tena. Niliyokuwa naishuku ni ile ya kutengeneza PDF kwa sababu ndiyo mpya, lakini hiyo nimeshaitoa.

Otieno_Nakuru
Huyo ni kama wangu kabisa. Mwaka jana Excel yangu ilifunguka na Safe Mode, nikatoa add-ins zote, bado ikakwama. Shida ilikuwa faili la makro linalojifungua lenyewe. Nenda hapa ufute kila kitu:

```
%appdata%\Microsoft\Excel\XLSTART
```

FundiPole
Otieno uko sahihi kwamba folda hiyo nayo hurukwa kwenye Safe Mode, kwa hiyo Excel kufunguka hakuthibitishi kwamba kosa ni la nyongeza. Lakini jamani msifute. `PERSONAL.XLSB` ikiwa humo, ndimo zilimo makro zote ambazo mtu amejirekodia, na pengine hana nakala. Ihamishie kwenye Desktop, jaribu, kisha irudishe.

Ila kwa dada bado kuna tiki moja iliyogoma, tuimalize hiyo kwanza. Ujumbe ule unasema nyongeza iliwekwa kwa ajili ya watumiaji wote wa kompyuta, kwa hiyo mtumiaji wa kawaida hawezi kuizima. Mwite mwenye nywila ya msimamizi. Atafute `cmd`, abonyeze kulia, achague Run as administrator, aandike:

```
start excel /safe
```

Kisha arudi palepale penye COM Add-ins na atoe tiki.

MamaVocha
Fundi wa ofisi amekuja baada ya chakula cha mchana. Tiki imetoka. Nimefungua Excel kwa kawaida, IMEFUNGUKA. Nimekaa naitazama kama mtoto aliyepona homa. Halafu nikarudisha zile nne, moja baada ya nyingine, kila mara nafunga na kufungua upya. Zote nzima, hata ya PDF niliyoisingizia.

Sasa tatizo: ile ya mfumo wa hesabu ndiyo inayonivutia salio za madereva. Siwezi kukaa bila hiyo mwezi mzima.

FundiPole
Hongera. Jaribio moja kabla ya kuwapigia wenye mfumo. Fundi airudishe tiki, uchomoe waya wa mtandao, uzime na Wi-Fi, ufungue Excel. Kisha rudisha waya ufungue tena.

MamaVocha
Bila waya: imefunguka, ikatoa kijidirisha kwamba haikuweza kuunganisha, nikabonyeza OK, kazi ikaendelea. Na waya: imeganda. Fundi ameona hivyo akashika kichwa. Jumatatu usiku walihamisha seva, anwani ikabadilika.

FundiPole
Basi inaelekea nyongeza inapiga hodi kwenye anwani ya zamani na kusubiri jibu, na Excel nzima inasubiri nayo. Mtandao ukiwa umekatika kabisa haina pa kusubiri, inakata tamaa mara moja. Waambie wenye mfumo hayo hayo, pamoja na jaribio la waya, na waombe mahali pa kuandika anwani mpya.

Otieno_Nakuru
Inaweza kuwa inakagua leseni pia, si lazima iwe ni salio. Zingine hufanya hivyo kila zinapoamka.

FundiPole
Inawezekana. Kwa jaribio la waya peke yake huwezi kutofautisha.

MamaVocha
Nimewapigia, wamesema kesho asubuhi. Kwa leo fundi ameizima tena, salio za madereva nimezichapisha kutoka kwenye mfumo wenyewe na ninaziingiza kwa mkono. Nimefika dereva wa 41. Asanteni sana, nitarudi kesho kusema walichokuta.