Mjadala: Picha imefutwa, yamebaki maelezo tu. Tunaweza kusema ilikuwa feki?

Nuktanne
Wakuu, ile picha ya papa anayeogelea barabarani kwenye mafuriko ilizunguka sana juzi, halafu aliyeiweka akaifuta. Mimi sikuiwahi. Dada yangu aliiona: anasema imepigwa kama kutoka ndani ya gari, papa yuko ubavuni, maji ya kahawia. Nimetafuta nikakuta picha ya namna hiyo ilizunguka tangu 2011. Je, naweza kusema ile ya juzi ni feki, au lazima niwe na faili lenyewe mkononi?

Kipanga_Juu
Feki, mada ifungwe. Papa ni wa maji ya chumvi, maji ya mvua yanammaliza kabla hajaiona lami. Wanaoamini vitu hivi ndio wale wale wa "usipotuma kwa watu kumi utapata mkosi".

Mzee_Kombo
Wewe Kipanga, papa umemjulia wapi, kwenye katuni? Kuna papa wanapanda mito kabisa. Wanaitwa papa wa Zambezi, unadhani jina hilo wamepewa na nani na kwa nini? Usiwadharau watu kwa jambo usilolijua.

Kipanga_Juu
Mzee wangu, shikamoo. Mto ni mto, barabara ni barabara.

Mzee_Kombo
Marahaba. Mafuriko ni mto uliopotea njia. Kule Queensland, Australia, mafuriko ya miaka ya tisini yaliwasomba papa wa aina hiyo hiyo wakaingia ziwa la uwanja wa gofu, pale Carbrook. Maji yakarudi, wao wakabaki humo miaka kumi na saba. Haya, niambie tena habari za chumvi.

Chujio
Mzee Kombo yuko sahihi kuhusu papa, lakini hiyo haituambii lolote kuhusu picha. Jambo linaweza kuwezekana na picha yake ikawa ya kubandika. Tena papa wa kwenye ile picha ya zamani si wa Zambezi, ni papa mweupe mkubwa, na huyo mtoni haendi.

Nuktanne, nikuulize. Picha ya 2011 ulimwonyesha dada kabla au baada ya kukueleza?

Nuktanne
Alinieleza kwa maneno mawili matatu, nikamtumia ile ya 2011, akajibu "ndiyo hii hii". Maelezo mengine akayamalizia baadaye.

Chujio
Basi hayo aliyoyamalizia baadaye yaweke kando, maana huwezi tena kujua kipi alikiona juzi na kipi amekiona kwenye picha uliyomtumia. Ni kama gwaride la utambulisho polisi lenye mtu mmoja tu: shahidi atamnyooshea kidole huyo huyo.

Tafuta mtu mwingine aliyeiona, usimwonyeshe kitu. Usimuulize "papa alikuwa mkubwa?" Muulize picha imekatikia wapi kila upande, papa anaelekea kushoto au kulia, kuna gari jingine, kuna bango au kibao chenye maandishi. Halafu umuulize swali watu wengi wanalolisahau: mambo anayoyakumbuka yalikuwa ndani ya picha, au kwenye kapsheni? Mtu anakwambia "ilikuwa picha ya mji fulani" kumbe mji aliusoma, hakuuona. Ukishapata hayo ndipo umpe picha nne tano zinazofanana achague, na zile anazozikataa akueleze kwa nini.

Fundi_Simu
Mnazunguka bure. Kitu cha kwanza ni metadata. Kama picha haina tarehe wala jina la kamera, imechezewa. Na kuna tovuti unapakia picha inakuonyesha sehemu zilizobandikwa zinang'aa.

Nuktanne
Kaka, faili HAKUNA. Soma swali.

Fundi_Simu
Si umesema kuna kopi za 2011? Pakia hizo.

Chujio
Fundi, ni kweli metadata ina thamani, ila kwenye faili la mwanzo. Picha ikishapita WhatsApp inabanwa upya na metadata inaondolewa, iwe ya kweli iwe ya uongo. Mitandao mingi mikubwa inafanya vivyo hivyo. Kwa hiyo kukosekana kwake hakuthibitishi kuchezewa. Na zile rangi zinazong'aa, kopi iliyobanwa mara nyingi na kupigwa skrinishoti juu yake itang'aa popote, hasa kwenye herufi na kingo kali. Wengi wameitangaza picha halali kuwa feki kwa sababu ya mng'ao wa kibao cha duka.

MamaZuhra
Naomba niingilie maana jambo hili lilinikuta. Nilipiga picha ya uwanja wangu umejaa maji, nikaiweka kwenye kundi la familia. Ikatoka huko sijui kwa mkono wa nani. Baada ya muda nikaiona imeandikwa nchi nyingine kabisa. Niliposema ni yangu, kijana mmoja akanitumia matokeo ya TinEye, ile tovuti ya kutafuta picha ilikowahi kuonekana, kwamba imeonekana kwanza kwenye tovuti ya nje, kwa hiyo mimi ndiye mwizi! Simu niliyopigia ilishaharibika. Sasa mnaosema "tumetafuta tukakuta ya zamani", mnajua mnawaumiza watu?

Kipanga_Juu
Pole mama, lakini ungekuwa na faili usingesumbuliwa.

MamaZuhra
Mwanangu, simu imekufa, nimekwambia. Nikalichimbue wapi hilo faili?

Chujio
Mama, yule kijana aliisoma vibaya tarehe. Ile tarehe ya TinEye ni siku roboti wao walipoiona picha kwenye ukurasa huo. Picha inaweza kukaa kwenye kundi miezi mingi na roboti haingii humo kamwe. Kwa hiyo "ya zamani kuliko zote" kwenye orodha maana yake ni kwamba siku hiyo picha ilishakuwepo. Haisemi ilizaliwa siku hiyo wala nani mwenyewe.

Kitu cha kutazama ni kingo. Anayenakili anaweza kukata, hawezi kurudisha kilichokatwa. Kama kwenye yale mazungumzo ya familia kuna kopi inayoonyesha ukuta au mti ambao kwenye kopi ya ile tovuti haupo, basi yako iko karibu zaidi na chanzo kuliko yao. Ukubwa wa pikseli nao unasaidia, ila huo mtu anaweza kuukuza kwa programu, kwa hiyo mimi naamini kingo kwanza.

MamaZuhra
Kopi ya shemeji ina kona ya banda la kuku. Ya kwao haina banda. Nitaitafuta.

Nuktanne
Turudi kwangu jamani. Hiyo ya 2011 mnajuaje YENYEWE ni feki? Isije ikawa ni ya kweli.

Chujio
Hapo ndipo utafutaji wa picha unapofanya kazi yake vizuri. Ile picha ilivuma 2011 wakati wa kimbunga Irene, ikisemwa ni Puerto Rico. 2017, kimbunga Harvey kilipoipiga Houston, ikarudi ikisemwa ni Houston. Barabara ile ile, papa yule yule. Hilo peke yake linaua dai la Houston, lakini haliui la Puerto Rico, maana picha ya kweli nayo inaweza kuibwa na kupewa mji mwingine.

Kinachoiua ni papa mwenyewe. Chukua kopi uliyonayo, ondoa maandishi na fremu, kisha kata mara mbili: kipande cha papa peke yake na maji yanayomzunguka, na kipande cha barabara bila papa. Tafuta kila kimoja kivyake. Ukiitafuta nzima utaletewa kopi zake tu. Kipande cha papa ndicho kinachokufikisha kwenye picha ya Thomas Peschak aliyoipiga Afrika Kusini: mtu ameketi kwenye kayaki ya njano anageuka nyuma, na papa mweupe anamfuata. Ile ilichapishwa 2005. Sasa ziweke mbili bega kwa bega, utazame mkunjo wa mwili, pezi, na jinsi mwanga ulivyolala mgongoni. Papa hai hawezi kukaa mkao ule ule mara mbili, baharini na barabarani, hadi mistari ya mwanga ilingane.

Google Lens ukiipa papa mara nyingi itakuletea papa wowote wanaofanana, usichanganyikiwe. TinEye inatafuta picha ile ile iliyokatwa au kubadilishwa, lakini ikigeuzwa kushoto-kulia mara nyingi inaikosa. Kwa hiyo igeuze mwenyewe utafute tena. Yandex nayo ijaribu.

Fundi_Simu
Na ukikosa kabisa? Maana yake ni halisi.

Chujio
Hapana. Maana yake hukupata.

Fundi_Simu
Basi chombo hicho ni cha upande mmoja tu.

Chujio
Ndiyo. Kinaweza kuvunja dai, hakiwezi kulijenga.

Kipanga_Juu
Kwa hiyo nilisema kweli toka mwanzo. Feki.

Mzee_Kombo
Ulisema papa anakufa kwenye maji ya mvua. Hilo ndilo ulilosema, usikimbie. Na 2022, Fort Myers, Florida, wakati wa kimbunga Ian, ilitoka video ya samaki mwenye pezi anatapatapa kwenye mafuriko nyuma ya nyumba za watu. Wajuaji wote wakasema "papa yule wa 2011 karudi". Ikaja kuthibitika ni video ya kweli ya siku ile ile. Mngekuwa ninyi mngeshaifunga mada.

Chujio
Mfano mzuri, Mzee, na unanibana mimi pia. Lakini tazama ilithibitishwaje: Associated Press walimfikia aliyerekodi, wakapata faili la mwanzo na muda wake. Kitu hicho ndicho Nuktanne hana.

Nuktanne
Nimempata mtu wa pili, jirani. Sikumwonyesha kitu. Anasema imepigwa kutoka ndani ya gari, papa ubavuni, sawa na dada. Ila anasema kulikuwa na mtu amesimama kwenye maji upande wa pili. Kwenye ya 2011 mtu huyo simwoni.

Kipanga_Juu
Amemwota.

MamaZuhra
Au ni picha nyingine. Au wamebandika na mtu.

Chujio
Yote matatu yanawezekana. Muulize kama mtu huyo alikuwa kwenye picha hiyo hiyo au kwenye nyingine iliyotumwa pamoja nayo, maana picha za mafuriko husafiri kwa mafungu. Halafu kama una anwani ya posti iliyofutwa, ijaribu kwenye Wayback Machine, ile hifadhi ya kurasa za zamani za mtandao. Hata ukurasa ukihifadhiwa bila picha, kapsheni na saa vinaweza kubaki.

Nuktanne
Kwa sasa nikiandika "inafanana na picha ya kubandika ya 2011, yenyewe haijapatikana" inatosha?

Fundi_Simu
Hiyo ni kukwepa. Sema feki watu waelewe.

Chujio
Akisema feki, kesho faili likitokea lina mtu ndani yake, wewe Fundi utamsaidia kujibu?

Mzee_Kombo
Mimi bado namngoja Kipanga kuhusu Carbrook.

Kipanga_Juu
Mzee, uwanja wa gofu si barabara.