UZI WA MALALAMIKO: Niliambiwa mkupuo wa mwisho ni milioni 10, barua imekuja na 16,250,000

Mama Haisi

Wakuu, salaam. Leo ni siku ya tatu sijalala vizuri. Naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Nina Haisi inayobeba wafanyakazi wa kiwanda, zamu ya asubuhi na ya usiku. Niliinunua kwa milioni 40. Kumi nilitoa mfukoni, 30 nikakopa kwenye taasisi moja hapa Dar ambayo sitaitaja kwa sasa. Riba asilimia 2 kwa mwezi, miezi 36. Rejesho la kawaida lilikuwa 1,176,985 kila mwezi. Nikamwambia ofisa mikopo siliwezi, maana nikishatoa mafuta, dereva na gereji, gari linaniachia kama milioni moja tu.

Akaniambia, "Dada, basi tukuwekee baluni. Unalipa laki tisa kila mwezi, kinachobaki unamalizia kwa mkupuo mmoja mwishoni." Nikamuuliza kitabaki kiasi gani. Akachukua kikokotoo, akazidisha 1,176,985 mara 36, ikaja 42,371,460. Akazidisha 900,000 mara 36, ikaja 32,400,000. Akatoa. "Hapo ni kama milioni 10." Akaiandika kwa kalamu ya bluu nyuma ya bahasha ya fomu zangu. Bahasha hiyo ninayo mpaka leo, na mwandiko ni wake.

Nikaweka akiba miaka mitatu nikijua natafuta milioni 10. Nilijinyima, nikaacha kupaua nyumba ya mama Kilosa, nikafikisha milioni 10 na laki mbili. Nimelipa rejesho la 36, Jumatatu inakuja barua: nilipe 16,250,000 ndani ya siku 30, la sivyo wanachukua gari na kuliuza. Kadi ya gari wanayo wao.

Milioni sita zaidi zimetoka wapi? Nimeshawalipa 32,400,000 kwenye mkopo wa 30. Huu ni wizi wa mchana kweupe. Nataka mtu anayejua hesabu aniambie, na nataka kila mwenye gari la mkopo asome hapa kabla hajasaini.

Jembe Halimtupi

Pole sana dada. Hiyo ni riba ya flati, ndiyo ugonjwa wao wote. Wanakuambia asilimia 2 halafu wanaichaji kwenye milioni 30 nzima mwanzo hadi mwisho, hata kama deni limeshuka. Mimi walinifanyia hivyo kwenye Noah. Kawabane hapohapo kwenye flati.

Mzee wa Bajaji

Mimi nilichukua bajaji ya mkataba, hesabu kwa siku, miaka miwili ikawa yangu, hakuna cha baluni wala nini. Kwa nini hukuchukua mkataba? Haya mambo ya kausha damu mnayafuata wenyewe. Nenda polisi leo, hawa wanakopesha bila leseni.

Mama Haisi

Mzee wangu, hawa si kausha damu. Wana leseni, wana ofisi, wana risiti. Na Haisi ya milioni 40 hakuna tajiri anayenipa kwa hesabu ya siku. Nisaidieni kwenye swali: kumi imekuwaje kumi na sita?

Kalamu Nyekundu

Mama Haisi, nimefanya kazi ya mikopo ya magari miaka mingi. Kabla sijasema lolote, fungua taarifa ya mkopo wako. Mwezi wa kwanza riba iliandikwa ngapi? Na mwezi wa pili?

Mama Haisi

Mwezi wa kwanza riba 600,000, mtaji 300,000, salio 29,700,000. Mwezi wa pili riba 594,000.

Kalamu Nyekundu

Basi Jembe hajapatia. Ingekuwa flati, mwezi wa pili ungeona tena 600,000, na wa tatu, na wa thelathini. Tena rejesho la kawaida kwa flati lingekuwa 1,433,333, si 1,176,985. Yako ni riba ya salio linalopungua. Tatizo lako liko kwenye bahasha.

Ofisa alifanya utoaji wa kawaida, na kwenye deni lenye riba utoaji wa namna hiyo ni kosa. Ile 42,371,460 ni jumla ya mtu anayelipa 1,176,985 kila mwezi. Riba iliyomo humo imehesabiwa kwa salio linaloshuka haraka. Wewe ulikuwa unalipa pungufu ya hapo kwa 276,985, na kila pungufu lilibaki ndani ya deni likitozwa riba ya asilimia 2 kila mwezi. Chukua ile 276,985 ya mwezi wa kwanza peke yake: kufika mwezi wa 36 imekuwa 553,939. Imejirudia mara mbili. Ya mwezi wa pili imekua kidogo chini ya hapo, hivyo hivyo mpaka ya mwisho ambayo haikukua. Yeye alizihesabu zote 36 kama vile zilikaa kabatini.

Njia sahihi ni hii. Mkopo wote uukuze kwa asilimia 2 miezi 36: milioni 30 inakuwa 61,196,620. Kisha kila rejesho la 900,000 nalo ulikuze kuanzia siku ulipolilipa: yote 36 yanafika 46,794,930. Toa. Baluni yako halisi ni 14,401,690. Kama una kompyuta, weka hii kwenye Excel:

```
=FV(0.02,36,900000,-30000000)
```

Na kama ungetaka kweli kumaliza na milioni 10, rejesho lingetakiwa kuwa 984,657. Elfu themanini na nne na ushee kila mwezi ndiyo imeleta milioni nne na laki nne mwishoni. Hilo ndilo alipaswa kukuambia siku ile mezani.

Mama Haisi

Nimesoma mara tatu. Kwa hiyo hata kama wangekuwa waaminifu kabisa, bado nisingemaliza na kumi? Elfu themanini na nne ningeipata, Wallahi. Ningebana mafuta, ningemwomba dereva asubiri. Hakuna aliyenipa nafasi hiyo ya kuchagua. Na kwenye mkataba hakuna namba! Kifungu kinasema tu "mkopaji atalipa kwa mkupuo salio lote litakalosalia baada ya rejesho la 36".

Binti Kigamboni

Hapo ndipo penye uchungu. Mkataba hauna ratiba ya marejesho? Mimi wa kwangu una karatasi ya mistari yote 36 na mstari wa mwisho una baluni kwa tarakimu. Sikusaini mpaka niliuona ule mstari.

Mama Haisi

Niliambiwa ratiba nitatumiwa kwa wasapu. Haikuja. Na mimi sikuidai, nilikuwa nakimbilia gari bandarini.

Jembe Halimtupi

Sawa Kalamu, flati nimekubali siyo. Lakini 14,401,690 si 16,250,000. Iko wapi 1,848,310?

Kalamu Nyekundu

Swali zuri. Mama Haisi, salio la mwezi wa 12 na wa 24 ni ngapi kwenye taarifa yako?

Mama Haisi

Wa 12 ni 25,976,373. Yaani mwaka mzima nimelipa 10,800,000 na deni limeshuka milioni nne tu! Wa 24 ni 22,133,441.

Kalamu Nyekundu

Wa 12 ni sawa kabisa na hesabu yangu. Wa 24 ulipaswa kuwa 20,873,441. Pana ziada ya 1,260,000 kamili. Namba iliyonyooka hivyo huwa ni bima. Nani alilipia bima kubwa ya mwaka wa tatu?

Mama Haisi

Ngoja... Walinipigia simu kwamba bima inaisha, nikasema sina kwa wakati ule, wakasema wataikatia wao. Sikujua wameipandisha juu ya mkopo. Rejesho lilibaki lile lile laki tisa!

Kalamu Nyekundu

Ndivyo inavyofanyika. Rejesho halibadiliki, kwa hiyo mteja hahisi kitu, na bima yote inakwenda kulala kwenye baluni. Hiyo 1,260,000 kwa miezi 12 imefika 1,597,985. Jumlisha na 14,401,690, unapata 15,999,675. Inabaki 250,325 isiyo na maelezo. Uliwahi kuchelewa?

Mama Haisi

Mara mbili, kiwanda kilipochelewesha malipo. Siku nne, na nyingine siku sita. Hiyo ni penati ya laki mbili na nusu?

Kalamu Nyekundu

Inaweza kuwa penati, inaweza kuwa ada ya kuandaa barua, sijui na sitakisia. Hiyo ndiyo ya kudai mstari kwa mstari. Waandikie barua, upeleke mkononi na nakala yako igongwe muhuri: ratiba ya marejesho ya awali, maelezo ya kila kilichoongezwa juu ya mkopo, na tarehe yake. Ambatanisha picha ya bahasha. Wakikataa au wakikaa kimya, peleka malalamiko Benki Kuu, lakini huko wataanza kukuuliza kama umeshalalamika kwa taasisi yenyewe, ndiyo maana muhuri ni muhimu.

Binti Kigamboni

Na bahasha itasaidia kweli? Mume wangu anasema mwandiko wa ofisa haushindi mkataba uliosainiwa.

Kalamu Nyekundu

Peke yake huenda haitafuta deni. Inaonyesha uliambiwa nini kabla ya kusaini, na hiyo ina uzito mnapokaa kujadiliana riba ya kuongezewa muda. Wengine humu wanaweza kuwa na mawazo tofauti.

Jembe Halimtupi

Mimi nasema asilipe hata mia mpaka wamjibu.

Kalamu Nyekundu

Jembe, hapana. Salio la milioni 16 kwa asilimia 2 linazaa laki tatu na ishirini kila mwezi akisubiri. Mama Haisi, ile 10,200,000 uliyo nayo ilipe sasa, kwa barua inayosema unalipa huku ukipinga kiasi kilichobaki. Ukilipa hiyo, ubishani wenu unabaki kwenye kama milioni sita, na gari linakuwa na thamani kubwa kuliko deni. Usikubali wakugeuzie baluni nzima kuwa mkopo mpya. Hata ile 14,401,690 pekee kwa miezi 24 ingekuwa 761,433 kila mwezi, na ungelipa tena karibu milioni 3.9 za riba.

Mzee wa Bajaji

Kumbe mimi sikuelewa mwanzo, dada nisamehe. Lakini milioni kumi zote mkononi mwao na kadi bado wanayo? Mimi ningeogopa.

Mama Haisi

Naogopa pia, mzee wangu. Lakini kesho saa mbili niko mlangoni kwao na barua mbili na bahasha yangu. Bima nitailipa, nimekubali ni yangu, ingawa walitakiwa kuniambia wanaiweka wapi. Laki mbili na nusu silipi mpaka nione karatasi. Na yule ofisa nitamwomba achukue kikokotoo kile kile, anifanyie ile hesabu tena mbele ya meneja wake.

Nitarudi kuwaambia wamejibu nini.