Salamu za dini kazini: tunajibuje?

Kutoka: Mama Neema

Ndugu wanajumuiya, habari za leo.

Nimeanza kazi mahali ambapo karibu zamu yote ya asubuhi ni Waislamu. Kila anayeingia chumba cha kubadilishia nguo anasema "Asalaam aleikum", na chumba kizima kinaitikia. Mimi ni mlokole. Nainamisha kichwa, natabasamu, naendelea kufunga kamba za viatu. Juzi dada mmoja akaniuliza kwa upole kama nina neno nao. Sina neno nao hata kidogo! Ila mwenzangu wa kanisani amenionya kwamba nikiitikia nitakuwa nimeikiri dini yao. Nijibu nini, na nikijibu nakuwa nimesema nini hasa? Naomba jibu la mtu anayejua, kukisia nimeshakisia vya kutosha.

Kutoka: Jumbe

Mama Neema, hongera kwa kazi. Nilivyosoma madrasa, salamu kamili ni ya Mwislamu kwa Mwislamu. Akisalimiwa na asiye Mwislamu hujibu "Waaleikum" akaishia hapo, hadithi ipo. Basi nawe sema "Waaleikum" peke yake. Hutakuwa umenyamaza, na hutakuwa umeingia kwa watu.

Kutoka: Maalim Sudi

Jumbe mwanangu, hadithi ipo na ni sahihi, ila umeileta bila kisa chake. Pale Madina walikuwepo watu waliofika kwa Mtume wakasema kwa kumung'unya "Asaamu aleikum", yaani mauti yawe juu yenu. Ukisikiliza kwa haraka utadhani ni salaam. Bibi Aisha akaling'amua akawajibu kwa ukali, Mtume akamtuliza, yeye akawajibu "na juu yenu" basi. Kila mtu akarudishiwa alichokileta.

Wapo wanachuoni waliolichukua agizo lile kwa ujumla wake, siwafichi. Lakini Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 1350, alisema ukiisikia salaam waziwazi, pasipo shaka, uadilifu ni kuirudisha kamili. Msingi ni aya ya 86 ya Surat An-Nisaa: mkiamkiwa, itikieni kwa maamkio bora zaidi, au rudisheni yale yale.

Sasa kwa Mama Neema mambo yamegeuka. Yeye ndiye anayesalimiwa, na hakuna aliyemung'unya chochote. "Waaleikum" iliyokatwa katikati, kwa sikio la anayekijua kisa hicho, inaweza kuonekana kama unamshuku. Usiitumie.

Mama Neema, sema "Waaleikum salaam". Angalia maneno yanavyopinduka: anayeanza hutanguliza salaam, anayejibu humalizia kwayo. Wengine husikia wakarudisha "Asalaam aleikum" kama kasuku, ikawa watu wawili wamesalimiana na hakuna aliyejibu. Hakuna atakayekasirika, lakini ndivyo isivyo. Anayekusalimu akiwa mmoja au kumi, mwanamume au mwanamke, hubadilishi kitu. Akiongeza "warahmatullahi wabarakatuh", wewe hulazimiki kuufuata mkia huo.

Na sauti isikike. Kuanza salamu ni sunna, kuijibu ni wajibu, na kichwa kilichoinama hakifiki sikioni. Hata hivyo kundi likisalimiwa, mmoja akiitikia amewatolea deni wote. Kwa hiyo chumba kikiwa kimejaa, ukimya wako haumdhuru mtu. Taabu ni siku mkiwa wawili tu humo ndani. Hapo deni ni lako peke yako, na ukimya unaonekana. Sitashangaa ikiwa dada yule aliliona siku kama hiyo.

Kutoka: Mama Neema

Shikamoo Maalim. Ndivyo hasa ilivyokuwa! Nilikuwa nimewahi, akaingia yeye peke yake, akasalimu, mimi nikatabasamu na viatu vyangu. Akasubiri kidogo, kisha ndiyo akaniuliza. Lakini lile la kukiri dini bado linanikaa kichwani.

Kutoka: Deo

Dada, hapo niachie mimi Mkatoliki, mwenzako katika Kristo. Fungua Yohana 20. Bwana mfufuka anawatokea wanafunzi, neno lake la kwanza ni "Amani iwe kwenu", na katika sura hiyo hiyo anairudia, ukihesabu ni mara tatu. Luka 10:5 anawaagiza wakiingia nyumba yoyote waanze kwa kuitakia amani. Wayahudi nao mpaka leo husema "Shalom aleichem", na jibu linapinduka vile vile alivyoeleza Maalim: "Aleichem shalom". Hii ni salamu ya kumtakia mtu heri. Anakutakia amani, unamtakia amani. Hakuna kipengele cha imani ulichotia sahihi.

Tofauti ni pale salamu yenyewe inapotamka imani. Sisi tukisema "Tumsifu Yesu Kristo", ukijibu "Milele amina" umejiunga na sifa. Pale mwenye imani nyingine ana haki ya kusita, na mimi simlaumu. Yule mwenzako wa kanisani amezichanganya salamu za aina mbili.

Kutoka: Baba Furaha

Mama Neema, mimi nashauri usinyooshe mkono kabisa! Nilimnyooshea dada mmoja Mwislamu, akaweka kiganja chake kifuani akainamisha kichwa, mkono wangu ukabaki unaning'inia mbele ya watu. Nilijihisi nimefukuzwa. Bora kunyamaza.

Kutoka: Maalim Sudi

Baba Furaha, mama hakuuliza habari ya mikono, lakini nisikuache na hilo. Kiganja kifuani ndiyo salamu yenyewe kwa wasioshikana mikono na asiye maharimu wao, yaani asiye ndugu wa karibu wasiyeweza kuoana naye. Weka na wewe cha kwako kifuani, yameisha. Mbona wanaume wengine nao wanafanyiwa hivyo na hawasemi wamefukuzwa?

Kutoka: Rehema

Wapendwa, mimi kazi yangu ni kuwahudumia wazee majumbani mwao. Nina bibi mmoja Mgujarati. Nikifungua mlango tu, viganja vyake vimekutana kifuani: "Jai Shri Krishna." Jibu lake ni kurudisha maneno yale yale, na maana yake ni kumtukuza Krishna. Mimi ni Msabato, siwezi, lakini pia sitaki bibi wa watu aanze siku akidhani mlezi wake ana kiburi.

Ninachofanya, nakutanisha viganja kama yeye, nasema "Namaste, Ba", kisha haraka nampa "Kem cho?" kumuuliza habari zake. Ba ndivyo wanavyomwita mama au bibi nyumbani kwao. Anajibu "Majama" huku akicheka lafudhi yangu, na mimi tayari nimeshika dawa zake. Hajawahi kuuliza kwa nini sikurudisha yale ya kwanza. Nadhani kinachomgusa ni kwamba nimemjibu kwa lugha yake, papo hapo, nikimtazama usoni. Ningejibu "Asante" ya baridi huku nikitafuta pa kutundika koti, hata maneno yangekuwa sahihi vipi, yasingefaa.

Kutoka: Kito

Mnazungumza kama kila mtu humu ana dini. Mimi sina. Amani nitamrudishia yeyote, sina shida. Shida yangu ni mikutano yetu wenyewe. Mwenyekiti anasimama: "Bwana Yesu asifiwe!" Ukumbi: "Amina!" Mara ya pili kwa nguvu zaidi, kwa sababu ya kwanza haikumridhisha. Mimi nikisema Amina nadanganya, nikinyamaza naitwa mwenye majivuno. Kwa mpango wa Deo hiyo ni salamu ya kutamka imani, sivyo?

Kutoka: Deo

Ni hiyo, nakubali. Ila Kito, Amina moja ya kumpa moyo mzee aliyesimama mbele, nani atakuhesabia? Itikia tu, tuendelee na ajenda.

Kutoka: Maalim Sudi

Hapo Deo na mimi tunaachana. Mimi pia hukaa kwenye mikutano hiyo, na siitikii Amina kwa jambo nisiloliamini, kwa sababu kufanya hivyo ni kulichezea neno ambalo yeye analiheshimu. Ukumbini nanyamaza, kwani salamu ni ya wote na wapo wa kuijibu. Akija kunisalimu mimi binafsi kwa maneno hayo hayo, sinyamazi: "Asante mwenyekiti, Mungu akuzidishie, watoto hawajambo?" Amepata jibu, amepata dua, na hajadanganywa.

Kutoka: Kito

Wewe Maalim una Mungu wa kumtajia. Mimi hata hilo la "akuzidishie" sina wa kumwomba. Nitabaki na la watoto.

Kutoka: Rehema

La watoto linatosha kabisa. Mwenyekiti ninavyomfahamu, akianza habari za watoto wake hakuna atakayekumbuka Amina.

Kutoka: Mama Neema

Asanteni sana wote. Leo nimejibu, tulikuwa watatu. Dada yule hakusema kitu, ila alinisogezea nafasi kwenye benchi. Maswali mawili ya mwisho. Je, naweza kuanza mimi? Na mbona mmoja wao alinisalimu akiwa anatoka, nikadhani nimesikia vibaya?

Kutoka: Maalim Sudi

Marahaba binti yangu, nilichelewa kukujibu shikamoo yako. Hukusikia vibaya. Salaam hutolewa kwa kuingia na kwa kutoka pia, na jibu ni lile lile. Kuanza unaweza, wengi watafurahi. Kama kuna atakayekujibu kwa ufupi, pengine anafuata ile rai aliyoileta Jumbe, usilichukue kama tusi. Tena usimsalimu mtu anayeswali au aliye chooni. Kuna mtu alimsalimu Mtume akiwa anajisaidia, na hakumjibu. Kama kwenu chumba cha kubadilishia kimepakana na choo, ukimpigia mtu salaam akiwa mlangoni mwa choo naye akakupita kimya, hajakununia. Akitoka atakusalimu yeye.

Kutoka: Deo

Niongeze moja kwenye kuanza. Usimkisie mtu kwa sura. Kazini kwangu yupo Mmisri ambaye kila mtu alikuwa anampigia "Asalaam aleikum", naye anajibu kwa adabu zake zote. Kumbe ni Mkristo wa Koptiki. Ukimwambia "Sabah al-kheir", habari ya asubuhi tu, umewapata Waarabu wote, wa msikitini na wa kanisani. Siku za Pasaka yao mimi humwambia "Al-Masih qam", naye anaruka: "Haqqan qam!" Kristo amefufuka, kweli amefufuka. Hiyo, Mama Neema, wewe na mimi tunaweza kuiitikia hadi mwisho. Ila angalia kalenda kwanza, Pasaka yao mara nyingi haiangukii siku moja na yetu.

Kutoka: Jumbe

Maalim, nimekubali kisa. Lakini sheikh wangu wa zamani asingekubali, namjua. Ngoja nimpigie Ijumaa baada ya swala nimuulize kuhusu huyo Ibn al-Qayyim, nitawarudishia alichosema.