Skrubu ya bawaba ya miwani inadondoka kila mara, na dukani wanaikaza tu na kunirudisha nyumbani!

Mvaa_Miwani:
Wakuu, nimechoka na nina hasira. Fremu yangu ni mpya, ya chuma, na mkono wa kulia haukai na skrubu. Asubuhi nikiivaa naona kichwa cha skrubu kimeanza kuchomoza juu ya bawaba. Mchana mkono unalegea. Jioni skrubu haipo, na miwani imebaki na mkono mmoja. Sasa mtu asiyeona bila miwani atatafutaje sakafuni kitu kidogo kuliko punje ya mchele?

Kinachonichoma zaidi ni huduma. Nikirudi walikoniuzia, jamaa anachukua skrubu nyingine, anaizungusha, anafuta lenzi kwa kitambaa, ananiambia tayari. Hatazami tundu. Hasafishi kitu. Nikimuuliza mbona imerudia, anasema eti navua miwani kwa mkono mmoja. Bawaba kazi yake ni kufunguka na kufunga! Kama haiwezi kufunguliwa bila kujitapika skrubu, basi imefungwa vibaya, na aliyeifunga ndiye wa kujibu.

Nimesikia kuna gundi ya kufunga nyuzi za skrubu. Inafaa kwa kitu kidogo hivi? Mbona hawaitumii?

Kucha_Safi:
Pole sana. Dawa ni rahisi: rangi ya kucha isiyo na rangi, tone moja juu ya kichwa cha skrubu. Ukiwa na haraka weka supa glu, haitoki tena maisha.

Binti_wa_Pwani:
Hata mimi yangu hivyo hivyo! Lenzi ya kushoto inachomoka yenyewe nikiinama. Nikakaza ile skrubu ndogo ya pembeni ya lenzi, ikakaa wiki, ikatoka tena. Kwa hiyo na mimi niweke gundi?

Bisibisi_Ndogo:
Nimefanya kazi ya kutengeneza miwani kwa miaka mingi, naomba nieleze taratibu.

Mvaa_Miwani, una haki ya kukasirika. Kukaza peke yake hakutibu tatizo lako. Itazame bawaba kwa karibu: ina pete tatu zilizopandana. Kwa kawaida nyuzi zimo kwenye pete ya chini kabisa. Pete za juu zina tundu laini, skrubu inapita tu. Unapofungua na kufunga mkono, pete inayozunguka inaisugua skrubu na kujaribu kwenda nayo. Mwendo mmoja unakaza, mwingine unalegeza. Kukaza kunagota, kwa sababu kichwa kimeshakalia pete. Kulegeza hakuna cha kukuzuia. Ndiyo maana inapanda kidogo kidogo hadi inatoka.

Lakini kabla ya gundi, pima jambo moja. Kaza skrubu polepole kwa bisibisi bapa inayojaa kwenye mfereji wa kichwa. Ikifika mahali ikagota na kukataa kuendelea, nyuzi zako ni nzima. Kisha chora mstari mwembamba kwa kalamu ya wino usiofutika, kutoka kwenye kichwa cha skrubu hadi kwenye pete. Fungua na funga mkono kama mara kumi, utazame. Mstari ukiwa umekatika, ni msuguano unaoizungusha, na hapo gundi ndiyo jibu. Ila kama skrubu inazunguka tu bila kugota, au ukiivuta kwa kibanio inapanda bila kuzungushwa, nyuzi zimelika. Hapo gundi itakudanganya siku chache tu. Inatakiwa skrubu nene kidogo inayojichongea nyuzi zake, mfano kutoka milimita 1.4 kwenda 1.6, au skrubu ndefu yenye nati chini.

Kucha_Safi, rangi ya kucha kwenye chuma huzuia kwa muda, hapo sikupingi. Lakini umesema juu ya kichwa, na kichwani inakaa kama kofia tu, haishiki nyuzi. Kwenye fremu ya plastiki kiyeyushi chake kinaweza kulainisha fremu. Supa glu usimpe mtu ushauri huo. Mvuke wake huacha ukungu mweupe kwenye lenzi, na ikiingia katikati ya pete, bawaba yote inagoma.

Binti_wa_Pwani, yako ni skrubu ya kufunga duara la lenzi, siyo ya bawaba. Ile haizungushwi na kitu. Ikilegea yenyewe, mara nyingi lenzi haijakaa vizuri kwenye mfereji wake au duara limepinda. Wakutazamie hilo kwanza.

Mvaa_Miwani:
Nimepima. Skrubu inagota vizuri, na mstari umekatika kabla hata sijafika mara kumi! Kwa hiyo muda wote huu nyuzi ni nzima na mimi naambiwa sijui kuvua miwani! Nieleze gundi inawekwaje.

Bisibisi_Ndogo:
Chukua ya nguvu ndogo, ya skrubu ndogo. Loctite 222 ni ya zambarau. Usichukue ile nyekundu ya nguvu kubwa: kuifungua kunahitaji moto, na miwani huwezi kuipasha moto hivyo.

Toa skrubu, isafishe na tundu pia kwa spiriti hadi jasho na mafuta ya ngozi yaishe. Funika lenzi kwa karatasi, maana gundi hii inaweza kupasua lenzi za plastiki. Sasa usiipake skrubu nzima kisha ukaishusha, utaipaka pete za juu na mkono utakuwa mgumu. Ipitishe kavu kwanza, uikaze hadi ncha ionekane chini ya pete ya chini. Gusa ncha hiyo kwa kijiti cha meno chenye gundi, tone dogo kuliko kichwa cha pini. Rudisha skrubu nyuma mizunguko miwili, kaza tena, ili nyuzi ziivute gundi ndani. Futa kinachobaki nje.

Kinachobaki nje kitabaki kibichi, usishtuke. Gundi hii hukauka pale isipopata hewa na inapogusana na chuma, ndiyo maana hata chupa yake haijazwi hadi juu. Iache saa 24 mkono ukiwa wazi, usiuchezeshe. Skrubu ya chuma cha pua huchelewa zaidi.

Fremu_Nyeusi:
Mimi fremu ni ya plastiki, nimetumia gundi hiyo hiyo, mwaka unakwisha na haijapasuka. Mnatisha watu.

Bisibisi_Ndogo:
Inategemea plastiki gani na gundi ilimwagika kiasi gani. Nimeona nyufa nyembamba zikitokea baadaye pale bawaba inapozama kwenye fremu. Mimi kwa plastiki natumia skrubu iliyokuja na mipako yake tayari, haina kitu cha kumwagika.

Fremu_Nyeusi:
Mimi sijaona ufa wowote, nitaendelea kuitumia.

Mzee_Kioo:
Na bawaba za springi? Yangu skrubu ikitoka, tundu hazikutani tena.

Bisibisi_Ndogo:
Springi imevuta pete ndani, mzee wangu. Lazima ivutwe na kushikiliwa wakati skrubu inaingia, la sivyo utaharibu nyuzi. Hiyo mpelekee fundi.

Mvaa_Miwani:
Nimeweka jana, leo nimechora mstari tena na kufungua na kufunga. Mstari haujasogea hata kidogo, na mkono unafunguka laini. Kesho naipeleka dukani nikamwonyeshe yule jamaa huo mstari, na nataka aniambie mbele ya meneja wake kwa nini tone moja la gundi lilimshinda.