Shokapu za nyuma za Spacio: nimepiga picha kutoka chini, ninunue zipi?

Mwana_Uyole
Wakuu habari. Spacio yangu ya 2003 inadunda nyuma, hasa nikishuka Tukuyu na abiria. Muuza spea ananiuliza: shokapu tupu, au strati za boli mbili? Kwenye picha naona springi imezunguka shokapu, na chini kuna boli moja nene.

Kijana_Kabwe
Springi ikizunguka shokapu, hiyo ni strati. Chukua za boli mbili.

Fundi_Mwanjelwa
Kijana, springi kuzunguka shokapu ni kweli, lakini usiishie hapo. Tazama miguuni. Strati ya kweli inashikwa na boli mbili kwenye chuma kinachobeba gurudumu, kwa hiyo ndiyo inayolisimamisha gurudumu. Ya mkuu ina tundu lenye bushi na boli moja. Hiyo inatuliza tu, haibebi gurudumu. Mwana_Uyole, je, kuna chuma kinene kilichovuka kutoka tairi hadi tairi?

Mwana_Uyole
Kipo, kimejaa tope.

Fundi_Mwanjelwa
Basi picha inatosha. Chuma hicho ndicho kinachoshika magurudumu. Spacio ya zamani, ya kabla ya 2001, nyuma ina strati za boli mbili. Jina moja, gari mbili, na hapo ndipo watu wanapoletewa spea zisizoingia. Mtumie muuzaji picha ya mguu wa shokapu, usimtajie jina la gari tu.

Mama_Hiace
Yangu haina springi ya mviringo kabisa, nyuma kuna majani ya chuma yamepangwa. Nayo inadunda. Ni shokapu?

Fundi_Mwanjelwa
Dada, hizo ni springi za majani, shokapu zako zimesimama peke yake pembeni. Angalia kama zimelowa oili.

Dereva_Kitonga
Mimi niliwahi kununua kamili, na springi zake, kutoka gari lililokatwa. Nyuma ikainuka kama vidole viwili, upande mmoja zaidi. Kwenye picha zilifanana kabisa.

Fundi_Mwanjelwa
Ndiyo, picha haionyeshi ugumu wa springi. Kama springi zako hazijavunjika, baki nazo, nunua shokapu pekee, mbili kwa pamoja. Ila usifungue nati ya juu bila kibanio cha springi, maana imekandamizwa, inaweza kukuvunja mkono. Na usiingie chini gari likiwa kwenye jeki tu, weka stendi.

Kijana_Kabwe
Na alaimenti baada ya kufunga?

Fundi_Mwanjelwa
Kwa strati, lazima. Kwa hii ya boli moja, pembe ya gurudumu haiguswi.

Mwana_Uyole
Asante. Upande wa kushoto rangi ya alama kwenye springi ni tofauti na kulia. Ina maana ilishabadilishwa?

Dereva_Kitonga
Inawezekana. Pima kutoka ukingo wa fenda hadi katikati ya tairi, pande zote, gari likiwa tupu kwenye sakafu bapa, utuambie.